Uzoefu wangu: VPN ya WireGuard kwenye laini ya PPPoE, na tovuti zilizokuwa zikiganda

Huduma ninayoizungumzia ni ya VPN inayotumia WireGuard. Wanakupa faili la usanidi, unaliweka kwenye ruta yako na nyumba nzima inapita humo. Ruta yangu inaendesha OpenWrt, mfumo huria wa ruta, na laini ya intaneti ni ya PPPoE, yaani ruta inaingia kwa mtoa huduma kwa jina na nenosiri, na kila pakiti inafungwa ndani ya bahasha ya ziada. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu kasoro nitakayoieleza inaweza kukukuta kwa mtoa huduma yeyote. Kasi ni nzuri, muunganisho haukatiki, na kwa miezi mingi sikuwa na la kulalamikia. Kisha baadhi ya tovuti zikaanza kuganda bila mtu kugusa chochote upande wangu.

Kuganda kwenyewe kulikuwa hivi: unafungua ukurasa, kialama kinazunguka, hakuna kosa linaloonyeshwa, na baada ya muda mrefu kivinjari kinakata tamaa. Tovuti ya jirani yake inafunguka papo hapo. Video zinacheza vizuri, ping inajibu bila kupotea hata moja, na ukizima VPN kila kitu kinarudi sawa. Wahudumu wa kampuni waliniambia nibadilishe DNS. Ushauri huo haukuwa na mantiki hapa, maana jina lilikuwa limeshapatikana na muunganisho ulikuwa umeshafunguliwa. Ushahidi ulikuwa kwenye `curl -v`: iliandika kwamba imeunganishwa, ikaandika mstari huu, ikanyamaza.

```
* TLSv1.3 (OUT), TLS handshake, Client hello (1):
```

Ukiona ukimya mahali hapo, fikiria ukubwa wa pakiti kabla ya kitu kingine chochote. Pakiti za kufungua muunganisho wa TCP ni ndogo, zinapita popote. Salamu ya kwanza ya TLS nayo ilikuwa imekwenda. Kinachofuata ni seva kutuma cheti chake, na hapo ndipo pakiti zilizojaa hadi ukingoni zinapoanza kuja. Zilikuwa zinapotea njiani zote, na kila zikirudiwa zinapotea tena, kwa sababu zinarudiwa kwa ukubwa uleule.

Sasa hesabu. Ethaneti ya kawaida inabeba pakiti ya baiti 1500. PPPoE inachukua 8, zinabaki 1492. WireGuard nayo inaongeza mzigo wake: 32 zake yenyewe, 8 za UDP, halafu kichwa cha IP cha nje, ambacho ni 20 kwa IPv4 na 40 kwa IPv6. Kwa hiyo mzigo ni 60 au 80, kutegemea unaifikia seva ya VPN kwa anwani ipi. MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti ambao kiolesura kinaruhusu, kwa kawaida ni 1420 kwenye WireGuard, yaani 1500 kutoa 80, na hesabu hiyo haijui lolote kuhusu PPPoE yako. Ukiifikia seva kwa IPv4, pakiti iliyojaa inakuwa 1480 na inapita kwenye 1492 bila shida. Ukiifikia kwa IPv6 inakuwa 1500. Imezidi kwa baiti 8, na hizo ndizo zilizonisumbua.

Nilipoendesha `wg show` nikaona endpoint, yaani anwani ya seva ya VPN, imekuwa ya IPv6. Jina la seva kwenye faili la usanidi lilikuwa lilelile, ila kampuni ilikuwa imeliongezea kwenye DNS rekodi ya AAAA, inayobeba anwani ya IPv6, na ruta ilipowashwa upya ikaichagua hiyo. Ndiyo maana tatizo lilizuka bila mimi kubadilisha kitu.

Utauliza: si kuna utaratibu wa njia kumwarifu mtumaji kwamba pakiti ni kubwa mno? Upo, kwa IPv4 tangu RFC 1191 ya mwaka 1990. Lakini tazama nani anaarifiwa. Pakiti inayokwama ni ile ya nje, iliyotumwa na seva ya VPN kuja kwangu, hivyo ujumbe wa ICMPv6 unarudi kwa seva ya VPN. Tovuti niliyokuwa naifungua haipati habari yoyote. Seva ya VPN ikiupokea ujumbe huo inaweza kukata pakiti zake vipande. Faiawoli ikiutupa, au vipande vikitupwa njiani, hakuna anayejua na kila mtu anaendelea kusubiri. Ruta za katikati nazo hazikati pakiti za IPv6 kwa niaba ya mtu.

Hapo pia ndipo unapoelewa kwa nini ni baadhi ya tovuti tu. Video na tovuti nyingi kubwa zinatumia QUIC, inayopita juu ya UDP, inaanza na pakiti za takriban baiti 1200 na kupanda kwa kujaribu. Kurasa nyepesi zinaingia kwenye pakiti ambazo hazijajaa. Kuna seva nyingine zina tabia ya kupunguza ukubwa zenyewe zikiona pakiti hazithibitishwi, na hizo ndizo zilizokuwa zikichelewa kisha zinafunguka. Zilizobaki zikawa zinaganda moja kwa moja.

Nikifika hapa watu wengi huniambia: washa tu kubana MSS. MSS ni ile namba ambayo kila upande unaitangaza kwenye pakiti ya SYN, kumwambia mwenzake asitume data zaidi ya kiasi fulani kwa pakiti moja. Ruta inayobana inaishusha namba hiyo pakiti inapopita, na pande zote mbili zinaitii bila kujua kwamba kuna aliyeigusa. Ni dawa nzuri, na kwenye OpenWrt ilikuwa imeshawashwa: kanda ya VPN kwenye faiawoli ya ruta ilikuwa na `option mtu_fix '1'` tangu mwanzo. Nikachungulia pakiti zinazotoka:

```
tcpdump -ni wg0 'tcp[tcpflags] & tcp-syn != 0'
```

SYN zangu zilikuwa na `mss 1380`. Ruta ilikuwa inabana kweli, lakini inabana kwa namba isiyo sahihi. Kanuni hii inachukua MTU ya kiolesura na kutoa 40 kwa IPv4, yaani 20 za IP na 20 za TCP. Kiolesura kikiwa kinaamini 1420, inatoka 1380. Ongeza 40 za ndani na 80 za nje, unarudi kwenye 1500 ileile. Kubana hakupimi njia, kunafuata kile ambacho ruta imeambiwa. Kwa hiyo cha kurekebisha kwanza ni MTU ya handaki, yaani ya kiolesura cha WireGuard, na MSS itafuata yenyewe.

Je, iwe ngapi? Wengi wangeandika 1412, yaani 1492 kutoa 80, na nilipopima nikakuta haitoshi. Kipimo ni ping yenye marufuku ya kukatwa, kwenda kwenye anwani ya seva iliyo ndani ya handaki:

```
ping -M do -s 1380 10.64.0.1
```

Ongeza 28 za vichwa kwenye namba ya `-s` upate ukubwa wa pakiti. Kwa 1380, yaani pakiti ya 1408, majibu yalikuja yote. Kwa 1381 hakuna hata moja. Hesabu ya karatasi ilisema nifike mpaka 1384. Tofauti hiyo ndogo inatokana na jambo ambalo halitajwi mara nyingi: WireGuard hujaziliza data kabla ya kuifunga kwa siri, ili urefu wake uwe mafungu kamili ya 16, ila isizidi MTU ya upande unaotuma. Seva yao inaamini 1420. Pakiti ya 1409 au 1412 ikiondoka kwao, fungu linalofuata ni 1424, hivyo inajazilizwa mpaka kikomo cha 1420, na nje inakuwa 1500. Pakiti ya 1408 ni mafungu 88 kamili, haiongezewi kitu, na nje inakuwa 1488. Ukiandika 1412 kwako bila wao kubadilisha kwao, pakiti zilizojaa zitaendelea kupotea, nawe utabaki unalaumu kitu kingine.

Nikaandika:

```
uci set network.wg0.mtu='1408'
uci commit network
ifup wg0
```

SYN zikaanza kutoka na `mss 1368`. Tovuti zote zilizokuwa zikiganda zikafunguka kwa kasi ya kawaida, na `curl` ikapita mahali ilipokuwa ikinyamaza bila hata kusita. Kwa TCP ya IPv6 ndani ya handaki namba ni 1348, kwa kuwa kichwa chake ni kirefu zaidi kwa baiti 20. Anayetumia ruta ya Linux bila OpenWrt anahitaji kanuni hii, baada ya kurekebisha MTU:

```
iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN \
  -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu
```

Iwe kwenye FORWARD, kwa sababu trafiki ya vifaa vya nyumbani inapita humo; na kwa IPv6 kuna `ip6tables` yake. Kama umeweka WireGuard kwenye kompyuta badala ya ruta, tatizo ni lilelile: `wg-quick` inaangalia MTU ya Wi-Fi, inaona 1500, inatoa 80. PPPoE iko nyuma ya ruta na haionekani kutoka pale. Andika `MTU = 1408` chini ya `[Interface]`.

Kuna mambo ambayo kubana hakutatui, na nisingependa mtu ategemee zaidi ya uwezo wake. MSS ni ya TCP peke yake. Programu inayotuma UDP kubwa ndani ya handaki haiguswi kabisa, na handaki jingine ndani ya hili litahitaji MTU yake ndogo zaidi. Pia muunganisho uliokuwa wazi kabla ya mabadiliko unabaki na namba yake ya zamani, kwa kuwa MSS inatangazwa mara moja tu, mwanzoni. Funga kivinjari au subiri miunganisho ife kabla hujasema dawa haijafanya kazi. Baadhi ya laini za PPPoE zinaruhusu 1500 kamili kwa utaratibu wa RFC 4638, na mwenye laini ya namna hiyo hahitaji lolote kati ya haya.

Huduma yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Nimebaki nao, kwa sababu seva zao hazisumbui na kasi wanayoahidi ndiyo ninayoipata. Nyota moja nimeikata kwa faili la usanidi lisilo na mstari wa MTU, hata baada ya wao wenyewe kuongeza IPv6 kwenye majina ya seva. Niliwaandikia tena, safari hii nikiambatisha vipimo vya 1380 na 1381, na fundi mmoja akajibu kwa kuelewa na kusema analipeleka kwa wenzake. Mpaka naandika haya faili bado halina mstari huo, kwa hiyo ukijiunga nao ukiwa kwenye PPPoE, uongeze mwenyewe kabla ya kuwasha.