Kunyoa ndevu mpaka ngozi kwa mara ya kwanza, kinyozi wa Langoni Lamu (uzoefu wangu)

Kama unatafuta kinyozi Lamu anayejua kunyoa ndevu za kipilipili mpaka ngozi na usiamke na shingo imejaa vipele, yuko mzee mmoja Langoni, kwenye kichochoro cha kupandia ukitoka usita wa mui. Naandika kwa urefu kidogo kwa sababu mimi ndevu zangu nilikuwa sijawahi kunyoa tangu ziote, nilikuwa nazipunguza tu na makasi, kwa hiyo nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na kitambulisho ambaye uso wake wa chini haujui.

Kilichonipeleka ni kazi. Nimepata kibarua kwenye yadi ya kutengeneza boti za fiba na pale kuna kupiga msasa, lile vumbi la fiba halifai kabisa kuingia kifuani, na harufu ya resini inapanda kichwani, kwa hivyo tunavaa ile maski ya mpira yenye vichujio viwili pembeni. Msimamizi akanivalisha, akaniambia ziba vichujio kwa viganja halafu vuta pumzi. Maski ikikaa sawa inanyonywa usoni na kubaki imeshika, lakini yangu ilikuwa inavuta upepo kwa chini huku kwenye taya, nasikia kabisa hewa inapita kwenye ndevu. Tukakaza mikanda, wapi. Akaniambia mpira lazima ukutane na ngozi, hata ndevu fupi za kuchomachoma zinaacha njia, chagua.

Nilimuuliza kwanza ustadhi wetu wa mtaani kwa sababu hili jambo kwangu si la urembo, ndevu ni sunna na nilizifuga kwa nia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kuhusu lile vumbi, kisha akasema linda kifua chako na kazi ikiisha uziache zirudi. Nikaenda na moyo mwepesi.

Sasa huduma yenyewe. Mzee hakushika wembe haraka. Alianza kunipapasa shingo kwa ncha za vidole, huku na huku, akaniambia jipapase na wewe mwanangu, upande unaoteleza ndio uelekeo wa ndevu, upande unaokwaruza ni kinyume chake. Mashavuni zangu zinashuka chini kama za watu wengi, lakini shingoni zinapanda juu kuelekea kwenye taya, na upande wa kushoto zinalala kabisa kama zinaelekea sikioni. Hapo nilielewa kwa nini watu wengi wanaumia shingo, wanavuta wembe vilevile uso mzima. Ndevu zetu zimejikunja, ukizikata kinyume tena ukiwa umeivuta ngozi zinakatika chini ya ngozi, zikianza kuota ile ncha kali inachoma ngozi kwa ndani au inajipinda na kurudi kuingia, na ndio hivyo vipele vyenyewe. Si uchafu, na kusugua sana kunazidisha.

Akapitisha mashine kwanza bila kitana mpaka zikabaki fupi. Hapo umeme ukapotea kidogo, tukangoja, wala sikujali maana sikuwa na haraka ya kuonana na mtu wa kwenye kioo. Uliporudi akamalizia, akachovya taulo kwenye maji moto ya chupa ya chai, akakamua, akanifunika uso akaniacha nitulie dakika kadhaa. Anasema unywele mkavu ni mgumu na ukiloa unakatika kwa wepesi bila kuukandamiza. Halafu povu kwa brashi, akizungusha ndevu zisimame. Wembe aliufungua kwenye karatasi yake mbele yangu, akauvunja nusu, akautia kwenye mshikio, na hili naomba kila mtu alidai popote anaponyolewa, wembe mpya na uuone ukifunguliwa, kwa sababu magonjwa ya damu hayana adabu.

Alinyoa kwa mikato mifupi akifuata njia ya ndevu, mkono mwepesi, ngozi haivuti, anasuuza wembe kila baada ya mikato miwili mitatu. Mara moja tu. Nilipopapasa nikasikia bado kuna ukwaru kwa mbali, nikamwambia mzee rudia, akakataa. Akasema mpira wa maski utakaa hapo, lakini nikirudia kinyume utanilaani kesho kutwa. Akamaliza na maji baridi na shabu, ile inakata damu ndogondogo na kukaza ngozi, inachonyota kidogo, ukaisuuze. Spirit hakunipaka, alisema inakausha.

Sharubu aliziacha mwisho, akaniuliza, kwa sababu zenyewe zinakaa ndani ya maski hazigusi mpira, ungeweza kubaki nazo. Nikajitazama. Yule mtu mwenye sharubu peke yake simjui wala si wa ndevu wala si wa bila ndevu, nikamwambia toa zote nimuone mwenyewe.

Kioo chake ni kidogo na duka lina giza, akanipa nitoke nacho mlangoni kwenye mwanga. Jamani. Kwanza rangi, juu nimeiva jua na chini ngozi ni nyepesi, mpaka unaona mstari ndevu zilipokuwa. Kidevu changu ni kifupi kuliko nilivyodhani, miaka yote nilikuwa nimebeba kidevu cha ndevu nikidhani ni changu. Na chini ya mdomo, upande wa kulia, kuna kidoti cheusi ambacho sikikumbuki hata kidogo. Lakini kilichonishika zaidi ni mdomo. Nilikuwa nauangalia ukitikisika pembeni, nimejikaza nisionyeshe kitu na mdomo unaonyesha kila kitu. Nilisimama pale punda wakinipita na mizigo, nikijaribu kuufanya utulie, nikagundua kwamba watu walikuwa hawajawahi kuniona nikiwa na wasiwasi, na mimi pia sikuwahi kujiona.

Nilipofika nyumbani mama alinishika kidevu akanigeuza kulia, akaenda moja kwa moja kwenye kidoti akakibonyeza kwa kidole. "Nilikuwa nikikubusu hapa ulipokuwa mdogo," akasema, "kikapotea na ndevu." Dada yangu yeye alinitazama tu akaniuliza umekasirika au umechoka, kitu ambacho hajawahi kuniuliza, na kweli nilikuwa nimechoka.

Maski ilishika kesho yake, nimeziba vichujio nikavuta, ikanata haitoi pumzi. Shida iliyobaki ni kwamba kazi inataka uso laini na ngozi inataka mapumziko, kwa hiyo tumekubaliana na msimamizi kazi ya msasa na ya kupaka resini iwekwe pamoja, nanyoa jioni ya kabla, siku za kubeba tu naiacha ngozi ipumue. Kikitokea kipele sikikwanyui, naweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu na kuacha wembe mpaka kitulie.

Bei ni shilingi 300 pamoja na taulo, nimeona ni haki. Usiende Alhamisi jioni wala Ijumaa asubuhi, foleni ni ya watu wanaojiandaa kwa swala na mzee hawezi kukupapasa shingo kwa utulivu. Kama una maski ya kuvaa mwambie kabla hajawasha mashine, asipojua atakuachia fupi tu akikuhurumia ngozi.