Ukiombea ruzuku vipokezi vya GPS: kipi kitangulie, kipi kisubiri

Mfadhili akisoma aya yako ya vifaa hutafuta jibu moja: kazi yenu inavumilia kosa la mita ngapi? Ukishalijua hilo, chaguo linajipanga lenyewe.

Kwa timu inayochora visima, njia na madarasa, nafasi ya kwanza naipa kipokezi cha mkononi kinachotumia betri za AA. Penye anga wazi hukosea mita 3 hadi 5 hivi, hakijali mvua, na betri zikiisha unabadilisha palepale na kuendelea. Hakikisha kinasoma setilaiti za mifumo zaidi ya mmoja na kinatoa faili za GPX, ambazo programu za ramani huzifungua.

Ya pili ni simu. Usahihi wake penye anga wazi haupishani sana na huo, tena unajaza dodoso na kupiga picha humohumo. Tatizo ni chaji: kioo kikiwaka mchana kutwa, jioni haifiki. Kama wanatimu tayari wana simu nzuri, ombeni betri za akiba za kuchajia, basi.

Ya tatu ni kipokezi cha upimaji, kile cha antena juu ya fimbo. Kinafikia sentimita chache, lakini kinahitaji masahihisho kutoka kituo cha GPS kilicho karibu na mtu aliyefunzwa. Kiombeni pale tu mnapogusa mipaka ya ardhi. Chukua shamba la mita 40 kwa 25, yaani mita za mraba 1,000. Ukilipima kwa kipokezi cha mkononi na kila ukingo ukasogea nje mita 4, ramani itasoma 1,584. Ukisogea ndani, 544. Majirani watagombana kwa kosa la kifaa.

Kwa watu 12 wanaotembea wawiliwawili, aya yangu ingekuwa hivi:

"Tunaomba vipokezi 7 vya GPS vya mkononi: 6 kwa jozi 6 za wachoraji na 1 cha akiba. Tutaweka kwenye ramani visima, njia na madarasa, ambako kosa la mita 5 halimpotezi mtumiaji. Ombi linajumuisha seti 2 za betri za kuchaji kwa kila kipokezi, chaja 3 na mafunzo ya siku 2. Vifaa hivi havitatumika kupima mipaka ya mashamba."

Sentensi ya mwisho msiifute. Inawalinda wanakijiji, na inamwonyesha mfadhili kwamba mnajua kikomo cha mnachonunua.

Vikifika, kabla ya kusaini hati ya kupokea, viwekeni vyote 7 juu ya jiwe moja penye anga wazi. Subirini dakika 10, wekeni alama ya mahali katika kila kifaa, kisha rudieni alasiri. Usahihi unaoandikwa kwenye kioo ni makadirio ya kifaa chenyewe, kwa hiyo msiutegemee; tazameni alama zilivyotawanyika. Kinachojitenga na wenzake mita 15 mara zote mbili, kirudisheni dukani.