Bibi hakumtishia mtu: yaliyonikuta na studio ya kuweka maandishi ya chini hapa Dodoma

Sina kawaida ya kuandika habari za biashara za watu, ila hili limenikaba kooni.

Juzi juzi tulimrekodi bibi kijijini Mvumi, kakaa zake kivulini, akiwasalimia wajukuu walioko Kanada. Watoto wamezaliwa hukohuko, Kiswahili chao kinaishia kwenye "shikamoo", kwa hiyo video ilihitaji maandishi ya Kiingereza chini. Nikaipeleka studio moja hapa mjini, siitaji, wenyewe wanajijua. Video ya dakika tano, shilingi 25,000. Bei sikuilalamikia.

Tumetuma, kesho yake wifi ananipigia. Mtoto wake mdogo anauliza bibi ana ugomvi gani naye.

Kumbe ni pale bibi aliposema, "Usiponitembelea, nitakufuata," akaangua kicheko. Utani wa bibi na mjukuu, nani asiyeujua? Sasa tazama alichoandika yule kijana wa studio:

```
14
00:01:12,000 --> 00:01:14,000
If you don't come to visit me, I will come
after you.
```

Kwa Kiingereza hayo maneno ya mwisho ni ya mtu anayekuandama akudhuru. Halafu hesabu herufi, pamoja na nafasi: ni 53, na zinakaa kwenye kioo sekunde 2 tu. Kipimo ambacho watafsiri wengi wanakitumia ni kama herufi 17 kwa sekunde kwa mtu mzima, mtoto apewe chache zaidi. Sekunde 2 zinabeba 34. Bibi alimaliza kwa maneno mawili kwa sababu kitenzi chetu kimoja kinabeba nani, lini na nani anayetendewa. Kiingereza kinavitawanya vyote. Ukifuata neno kwa neno lazima ufurike. Na kwa kuwa mstari mmoja kwa kawaida haupiti herufi 42, maneno mawili yakadondokea chini peke yake. Mtoto hakuwahi kusoma sentensi nzima, aliondoka na hayo mawili ya mkiani.

Nikarudi studio. Kijana hata vipokea sauti hakuvitoa masikioni. "Mama, tafsiri ndiyo hiyo, alivyosema ndivyo nilivyoandika." Nikasema basi nipe faili lenyewe la .srt, lile lenye maandishi na saa zake tu, nitarekebisha mwenyewe. "Hatutoi mafaili." Hatutoi mafaili! Maneno ya bibi yangu, pesa yangu, na yeye kayachomelea kwenye picha hayatoki tena.

Mwishowe akakubali kurekebisha, kwa kununa. Akaongeza muda wa sentensi ile, ikaingia kwenye ya 15, naye akaisukuma ya 15 mbele, na zote zilizofuata. Akafanya hivyo penye kila sentensi ndefu. Kufika mwisho, bibi ameshapunga mkono wa kwaheri na kufunga mdomo, maandishi bado yanasimulia zabibu.

Video safi nilikuwa nayo kwenye simu. Nikakaa na mpwa wangu usiku, tukaandika upya kwenye Notepad:

```
14
00:01:12,000 --> 00:01:14,600
Visit me, or I'm coming to you.
```

Herufi 31, mstari mmoja. Hata kwa sekunde 2 zilezile ingetosha. Hiyo nusu sekunde na ushee tuliichukua kwenye kicheko, kwa sababu sentensi ya 15 inaanza 00:01:15,000. Mwanzo hatukuugusa hata mmoja. Maandishi yaanze mdomo unapofunguka, ukitaka nafasi ichukue kwenye ukimya unaofuata. Usipokuwepo ukimya, punguza maneno. Tulijaribia kwenye VLC kwa kuliita faili jina lilelile la video, na mara ya kwanza mpwa aliweka nukta kabla ya zile tarakimu tatu za mwisho badala ya mkato, tukairekebisha kwa sababu .srt inataka mkato. Kuchomelea kweli kunahitajika, maana WhatsApp haisomi faili la pembeni, lakini ni kazi ya mwisho kabisa, mkishakagua.

Nilitaka kumalizia kwa kusema msiende pale. Ila nikisema yule kijana hajui kazi nitakuwa mwongo. Bibi anaongea Kiswahili chenye Kigogo ndani, na kijana hakukosea kusikia hata neno moja. Mlenda kauacha mlenda, mimi ningeuita mboga tu nikauharibu. Sikio analo.

Lakini ule mdomo! Nikiukumbuka damu inapanda upya. Krismasi tutamrekodi bibi tena, na huenda nikampelekea yeye yule asikilize na kuandika. Ila faili nikabidhiwe kwanza, ndipo aone pesa.