Skrini Imejaa Nyekundu: Nywila Ipi Ubadilishe Kwanza?

Karibuni tena, na moja kwa moja kwenye skrini. Hii skrinshoti ameniruhusu niioneshe mtazamaji wetu mmoja, majina ya akaunti nimeyafunika. Ni ripoti ya programu yake ya kutunza nywila: zilizovuja 6, zilizorudiwa 41, dhaifu 17. Kajumlisha akapata 64, akafunga simu akaenda kulala. Na mimi hapo ndipo hii programu inaponiudhi, kwa sababu 64 siyo hesabu ya kweli. Nywila moja inaweza kuwa imevuja, imerudiwa na ni dhaifu kwa wakati mmoja, kwa hiyo imehesabiwa mara tatu.

Mambo ya kujaza nywila yenyewe na kufungua kwa kidole mnayajua, nayaruka. Twende kwenye kitu kimoja tu.

Tazama hapa juu, kwenye nyekundu, yaani zilizovuja. Ya kwanza ni jukwaa la wapiga picha ambalo hajaligusa kwa miaka. Programu inasema: anza na hili. Hapana! Usianze nalo. Gusa hapa kwenye zilizorudiwa, ufungue kundi lenye nywila ileile ya jukwaa. Umeona? Akaunti 11. Na ya nne kwenye orodha ni barua pepe yake, ina alama ya njano tu, imekaa kimya kabisa.

Sasa fikiria kama mwizi. Amepata faili la jukwaa, lina anwani ya barua pepe na nywila. Hana haja na picha zako. Anachukua ile jozi, anaiachia programu iijaribu kwenye tovuti nyingine moja baada ya nyingine. Ikifungua barua pepe, amemaliza, maana kila akaunti nyingine ukibonyeza "nimesahau nywila", kiungo kinatumwa hukohuko. Kwa hiyo nyekundu inakuambia ufunguo ulianguka wapi. Milango ambayo ufunguo huo unaifungua utaiona kwenye kundi la zilizorudiwa.

Basi tunaanza na barua pepe. Nywila mpya iundwe na programu yenyewe, usiitunge. Kisha, na hapa wengi wanaacha, ingia kwenye mipangilio utoe vifaa vyote vilivyoingia, uangalie namba ya simu ya kurejesha akaunti ni yako, na uangalie kama kuna anwani ngeni ambayo barua zako zinapelekwa kwa siri. Mtu akishaweka hiyo, kubadilisha nywila peke yake hakumzuii kusoma. Washa na uthibitishaji wa hatua mbili.

Baada ya hapo, ndani ya kundi lilelile la 11, zile zenye pesa au kadi iliyohifadhiwa. Kisha zilizobaki. Jukwaa lenyewe linakuja mwisho, au ulifute tu.

Mnaniuliza sana kama programu hizi zinatuma nywila zenu nje. Zile zinazotumia orodha ya Have I Been Pwned, huduma ya kukagua taarifa zilizovuja aliyoianzisha Troy Hunt mwaka 2013, zinageuza nywila kuwa mfululizo wa herufi na tarakimu 40, halafu zinatuma 5 za mwanzo tu. Neno password, kwa mfano, linatuma 5BAA6. Orodha ya zote zinazoanza hivyo inarudi, na kulinganisha kunafanyika kwenye kifaa chako. Njia hiyo ingezipaka nyekundu zote 11, na kwa kweli naipenda kuliko njia ya programu hii, inayoangalia tovuti ipi ilidukuliwa. Mnaotaka kununua programu ya kulipia, angalieni kama ripoti hii imo kwenye toleo la bure kabla ya kulipa.

Dhaifu 17 ziache kwanza. Tatu kati yake ni namba za siri za tarakimu 4, na hizo haziwezi kuwa ndefu zaidi; kinachozilinda ni akaunti kujifunga baada ya majaribio machache.

Na kwenye zilizorudiwa, hizi mbili hapa ni akaunti moja iliyohifadhiwa mara mbili, ya tovuti na ya programu yake ya simu. Unganisha, kazi imekwisha.

Kitu cha mwisho ninachotaka mkione. Nabadilisha Mwembe2019 kuwa Mwembe2020 kwenye akaunti hii ya majaribio. Onyo la kurudiwa limeondoka! Programu inalinganisha herufi kwa herufi, haijui kwamba umesogeza mwaka tu. Mwizi anajua, na hilo analijaribu mapema sana.

Video ya wiki ijayo ni ya funguo za siri zinazochukua nafasi ya nywila. Skrinshoti zenu nitumieni, ila funikeni majina ya akaunti kwanza.