Kukagua muda wa safari ya ndege: UTC au tofauti ya saa?

Saa za kwenye tiketi ni za mji husika, kwa hiyo kutoa moja kwa moja hupotosha. Chukua safari ya Julai: Dubai 02:30, London 07:00, kisha London 10:15, New York 13:00.

Kwa tofauti ya saa, Dubai iko mbele ya London kwa saa 3: 4:30 jumlisha 3 ni saa 7:30. Kwa ruti moja, njia hii haina mpinzani. Lakini ukielekea mashariki unatoa badala ya kujumlisha, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Kwa UTC, yaani saa ya rejea ya dunia nzima, Dubai (+4) ni 22:30 ya jana yake, New York (−4) ni 17:00: jumla saa 18:30. Ni kazi zaidi, ila tarehe haikuponyoki. Kusubiri London, saa 3:15, hakuhitaji njia yoyote. Ukijumlisha vipande, 7:30, 3:15 na 7:45 ya London hadi New York, lazima upate 18:30.

Zote mbili huharibika ukitumia saa za Januari: London huwa +0, New York −5. Mwenye vituo vingi achague UTC. Wa ruti moja asijisumbue.