Vichwa vya HDMI vya kona nyuma ya TV ya ukutani: uzoefu wangu

Hapa napima vitu vitatu ambavyo nimevitumia kwenye TV moja ya inchi 43, iliyofungwa kwa breketi nyembamba kwenye ukuta wa bloku, Shangani, Mtwara: adapta ndogo ya kona, kebo ya HDMI iliyotengenezwa na kichwa cha kona, na kebo yenye kichwa cha kufunga. Kwa kifupi, kebo ya kona ndiyo iliyobaki nyuma ya TV. Adapta iko kwenye droo. Ile ya kufunga nayo nimeihamishia kwenye king'amuzi, na huko inafanya kazi nzuri kuliko ilivyofanya kwenye TV.

Kichwa cha kawaida cha HDMI hakionekani kirefu ukikishika mkononi, lakini kipime. Plastiki yake pamoja na kile kimpira cha shingoni ni kama mm 40, halafu kebo yenyewe inataka nafasi ya kupinda, tuseme mm 25 hadi 30 kwa kebo ya unene wa kawaida. Jumla ni karibu sentimita 7 kutoka kwenye tundu hadi ukutani. Breketi nyembamba huacha mm 25 au 30 tu kati ya mgongo wa TV na ukuta. Matundu ya nyuma kwa kawaida yamezama kidogo ndani ya boksi la TV, kwangu ni mm 18, kwa hiyo nilikuwa na jumla ya mm 46. Kichwa kilichonyooka hakiingii hapo, na ukilazimisha, TV ndiyo inayokisukuma kichwa kila inapoegemea ukuta. Mzigo wote unaishia kwenye lehemu za tundu.

Hiyo mm 46 sikuipata kwa kukisia kutoka kwenye karatasi ya breketi. Plasta za nyumba zetu hazinyooki, na nyumba za zamani za mawe kama za Mikindani ndiyo kabisa. Pengo la juu ya TV linaweza kuwa tofauti na la chini kwa mm 5 au 6. Pima palepale penye tundu. Njia inayonifaa ni donge la unga wa chapati uliokandwa ukawa mgumu, saizi ya chungwa, limefungwa kwenye mfuko laini wa plastiki ili lisiingie ndani ya tundu. Chomoa TV kwenye umeme, libandike donge ukutani mkabala na tundu, mwite mtu wa pili mshike TV, muitundike, kisha muishushe taratibu. Unene wa donge lililobonyea ndiyo nafasi yako halisi, kuanzia mdomo wa tundu hadi ukutani, kile kina cha ndani ya boksi kikiwamo. Ukipata zaidi ya mm 70, nunua kebo ya kawaida, pesa yako ibaki mfukoni. Kati ya mm 25 na 70, kichwa cha kona kinatosha, maana vingi hutokeza mm 18 hadi 24. Chini ya mm 25, badili breketi au weka vipande vya kuitanua. Usitafute kichwa cha muujiza.

Sasa kosa ambalo karibu kila mnunuzi analifanya: upande wa kona. Tundu la HDMI si mstatili kamili. Upande mmoja ni mpana, upande wa pili ni mwembamba kwa sababu pembe zake zimekatwa. Kwa hiyo kichwa kinaingia kwa mkao mmoja tu, na kebo itaelekea kule kona ilikotengenezwa kuelekea. Wauzaji huandika 90 na 270, au LEFT na RIGHT, lakini duka hili likiita 90, lile linaita 270, na kushoto kwa anayetazama mgongo wa TV ni kulia kwa aliyeketi sebuleni. Namba hizo ziache. Tazama tundu lako, jiulize upande mpana umeelekea wapi, na kebo unataka iende wapi. Kwangu tundu la nyuma lina upande mpana juu na nilitaka kebo ishuke, kwa hiyo nilihitaji kichwa ambacho kebo inatokea upande ule mwembamba. Mwombe muuzaji akupigie picha mdomo wa kichwa kwa mbele, kebo ikionekana. Picha hiyo moja inamaliza ubishi wote. Kwa sisi wa kusini jambo hili lina uzito wake, kwa sababu vichwa vya kona mara nyingi tunaagiza Dar na vinakuja na basi. Ukikosea upande unalipia mzigo kurudi na kuja tena.

Matundu ya ubavuni yana mtego mwingine. Pale tundu limesimama wima, yaani urefu wake unafuata ukingo wa TV. Ukinunua kichwa cha kona cha aina ile ya nyuma, kebo haitashuka. Itaelekea ukutani au itakandamiza gamba la TV. Kinachotakiwa ni kichwa bapa, ambacho kebo inatokea kwenye ncha ya ule mstatili badala ya kwenye upande wake mpana au mwembamba. Hata hicho kina gharama: kikishuka, kinapita juu ya tundu lililo chini yake. Kwangu HDMI 1 ndiyo yenye maandishi ARC, na ndiyo ya juu. Saundiba haitoi sauti ya TV ikichomekwa kwenye tundu lisilo na ARC, kwa hiyo kuhama si chaguo. Nilipoweka kichwa bapa pale, HDMI 2 ikazibwa nusu. Nimekubali kuipoteza. Kama unahitaji yote mawili, chagua kebo inayopanda kutoka tundu la juu, kisha izungushe nyuma ya TV. Na pima kwanza kutoka tundu hadi ukingo wa TV: ikiwa ni sentimita 8 au zaidi, kichwa kilichonyooka kinajificha chenyewe na huna haja ya kona. Matundu yanayotazama chini ndiyo kabisa hayahitaji kona. Kebo tayari inashuka.

Adapta nilinunua kwa shilingi 5,000, na mwanzo iliniridhisha. Inatokeza mm 22 tu, inaingia. Tatizo ni kwamba baada ya kupinda bado unachomeka kichwa kilichonyooka, zile mm 40 zilezile, safari hii zikiwa zimelala sambamba na mgongo wa TV. Kile kishimo cha matundu kina ukuta wake, na kichwa kikagonga ukingo. Ukiangalia kwa tochi kutoka chini unaona chuma cha adapta kinang'aa kwa mm 2 hivi, hakijazama chote. Dalili zikaanza: picha inazima kwa sekunde moja au mbili na kurudi, vitone vyeupe vinavyometameta kwenye sehemu nyeusi, mara No Signal. Jinsi ya kujua kama kosa ni la mkao: gusa kebo kwa kidole kimoja bila kuivuta. Picha ikirudi au ikikatika palepale, ni kichwa hakijakaa. Ikiwa kugusa hakubadilishi kitu, na matatizo yanatokea ukiwa kwenye 4K tu huku 1080p inatulia, basi kiungo cha ziada kinaharibu mawimbi; adapta ni maungio mawili mahali pa moja. Kwa king'amuzi cha kawaida cha 1080p adapta nzuri haina shida, ilimradi ina nafasi ya kuzama. Ila kumbuka ni mkono wa nyenzo: kebo nzito ikining'inia kwenye ncha yake inalizungusha tundu kidogokidogo.

Kebo ya kona ya mita 2 ilinigharimu 22,000. Kona imemiminwa pamoja na kichwa, inatokeza mm 20, na kebo inatoka ikiwa tayari imeelekea chini. Imeingia hadi plastiki inakaribia kugusa tundu. Nilichagua nyembamba makusudi. Kebo nene inarudisha nguvu kama springi na kukitoa kichwa polepole. Nyembamba zina mpaka wake pia. Ukitaka 4K kwa urefu wa mita 5 na zaidi, waya mwembamba wa shaba unaanza kushindwa.

Kichwa cha kufunga kinauzwa kama dawa ya kuchomoka. Zipo aina mbili. Ya kwanza ina skrubu ndogo juu ya kichwa, na inahitaji tundu lenye uzi wa skrubu juu ya HDMI. TV za nyumbani hazina uzi huo, kwa hiyo skrubu inabaki kuwa kizuizi kinachozuia kichwa kuzama. Usiinunue kabla hujaona hilo tundu la skrubu kwa macho. Ya pili ina meno madogo yanayouma gamba la chuma la tundu, na kitufe cha kuyaachia. Hii inafanya kazi kwenye TV, nimeijaribu. Lakini kitufe kiko juu ya kichwa, na TV ikishatundikwa kidole hakifiki. Mtu akivuta bila kubonyeza, meno yanang'ang'ania na kinachoachia ni tundu lenyewe kwenye bodi. Kwenye king'amuzi kilicho mezani, ambako watoto wanapita na kebo inavutwa, ndiko kulikostahili, na kitufe kinafikika.

Nyuma ya TV kinachoshika kebo isichomoke ni kamba ya plastiki, si meno. Acha mzunguko mdogo, sentimita 10 hivi kutoka kichwani, kisha funga kebo kwenye chuma cha breketi bila kuikaza hadi ikabonyea. Uzito wa kebo unabebwa na breketi, kichwa hakibebi kitu. Baada ya kufunga, ule mzunguko uwe bado unacheza ukiutikisa kwa kidole.

Kwa antena yenye kichwa cha F mambo ni mepesi, kwa kuwa kichwa hicho ni cha skrubu na kimejifunga chenyewe. Kaza kwa vidole, halafu robo ya mzunguko kwa spana ya 11, basi. Waya wa antena ule mnene, RG6, usiupinde chini ya sentimita 7 za nusu kipenyo; mahali pasipo na nafasi hiyo weka kona ya F. Hewa ya bahari hapa huweka ukijani kwenye shaba iliyo wazi, kwa hiyo ukiishusha TV ukutani kwa sababu yoyote, angalia na ule uti wa katikati ya waya wa antena kama bado unang'aa.