Bresi za kifundo cha mguu baada ya kiharusi: angalia goti kabla hujanunua

Haya jamani karibuni, leo hapa mezani nina bresi tatu za kifundo cha mguu, zote zinauzwa kwa maelezo yale yale kwamba zinasaidia mguu dhaifu baada ya kiharusi, na komenti nyingi mnazoniandikia zinauliza kitu kimoja, nimnunulie baba ipi, nimnunulie mama ipi. Mimi kazi yangu ni fizio na wagonjwa wangu wengi ni wa kiharusi, kwa hiyo nitazipitia hizi moja moja lakini kwanza nataka tuangalie mguu wenyewe, na hasa goti, maana watu wengi wanakodolea macho wayo unaoburuta chini wakati goti ndilo linalosema bresi gani itafaa.

Tuanze na hii nyepesi kabisa. Ni mkanda tu unazunguka hapa juu ya kifundo, halafu kuna kamba ya kuvutika inashuka mbele na kunasa kwenye kamba za kiatu, ukiinua mguu inavuta ncha ya kiatu juu ili vidole visikwaruze chini. Naipenda kwa mtu ambaye tatizo lake ni moja tu, yaani msuli wa mbele ya muundi hauna nguvu ya kuinua wayo, lakini kifundo hakipindi pembeni, shavu la mguu ni laini ukilishika, na goti linatulia akikanyaga. Mtu wa hivyo ukimvalisha hii unaona tofauti hapo hapo, anaacha kunyanyua nyonga juu na kuuzungusha mguu kwa pembeni ili tu upite. Ila hii haizuii kitu chochote, inavuta juu basi. Wayo ukitaka kupinda kwa ndani itauacha upinde.

Ya pili ni hii plastiki nyembamba, inapanda nyuma ya mguu hadi chini kidogo ya goti na chini inalala ndani ya kiatu. Hapa nyuma ya kifundo imekatwa nyembamba ndio maana ukiisukuma inakunjika halafu inarudi yenyewe. Nayo ni ya wayo unaoanguka bila msuli kukaza sana, ila inashika vizuri kuliko mkanda.

Ya tatu ndiyo plastiki nene, oneni kingo zake zinavyokuja mbele zikafunika vifundo pande zote mbili. Hii haikunjiki. Watu wanaiogopa kwa sababu ni kubwa, inaleta joto, na kiatu cha kawaida hakiingii, na yote hayo ni kweli kabisa, lakini kuna mguu ambao bila hii hautembei salama, na huo ndio nataka niuelezee vizuri.

Nichukue mfano wa mama mmoja niliyemhudumia, umri miaka 61, upande wa kushoto ulikuwa dhaifu, miezi minne imepita tangu apate kiharusi. Familia ilikuwa imeshamnunulia huu mkanda wa kuvuta. Akianza kutembea hatua za kwanza nzuri tu, mnafurahi wote, akifika kama hatua kumi hivi shavu la mguu linaanza kukaza, wayo unageuka anakanyaga kwa ukingo wa nje, na goti kila akiuwekea mguu uzito linarushwa kwa nyuma mpaka linapita unyoofu wake. Yeye mwenyewe alikuwa analalamika maumivu nyuma ya goti, kumbe chanzo kilikuwa chini kwenye kifundo.

Iko hivi. Ukitembea, wayo ukishatua chini muundi unatakiwa uinamie mbele juu ya wayo na mwili upite. Sasa msuli wa nyuma ukikaza unaushikilia muundi nyuma, mwili unaendelea mbele, muundi umegoma, basi goti linakosa pa kwenda linasukumwa nyuma. Likifanya hivyo kila hatua kwa miezi, kano na utando mgumu wa nyuma ya goti vinalegea na maumivu yanakuja. Mkanda wa kuvuta hauna nguvu ya kushindana na msuli uliokaza hivyo. Plastiki nene inayo, na fundi wa bresi akiitengeneza kwa vipimo vyake anaweza kuweka muundi uinamie mbele kidogo tu, au akaongeza kipande kidogo chini ya kisigino, goti likaacha kurushwa nyuma.

Tulipima spidi yake nyumbani kwa njia ambayo na nyie mnaweza, bandika tepu mbili sakafuni umbali wa mita 4, aanze kutembea hatua mbili kabla ya tepu ya kwanza na asisimame mpaka aipite ya pili, wewe unahesabu kwa simu muda wa kati ya tepu na tepu. Bila kitu alitumia sekunde 16, na mkanda sekunde 15, na plastiki nene sekunde 11. Gawanya mita kwa sekunde, ametoka robo mita kwa sekunde akafika karibu 0.36. Kwenye fizio tunachukulia mtu aliye chini ya 0.4 bado ni wa kutembea ndani ya nyumba, kati ya hapo na 0.8 anatoka nje lakini kwa mipaka, kwa hiyo alikuwa amekaribia mlango wa kutokea. Lakini mimi kilichonifurahisha zaidi ni goti kutulia, maana spidi bila goti kutulia siihesabu.

Na goti likifanya kinyume chake, yaani linakunjika ghafla anataka kudondoka mbele, hiyo ni habari nyingine, hapo mara nyingi misuli ya paja haijapata nguvu, na kuinamisha muundi mbele kutazidisha. Usinunue kwa kukisia, mpeleke akapimwe. Ndio maana naogopa sana bresi zinazoagizwa mtandaoni kwa saizi ndogo, kati, kubwa.

Kuvaa sasa. Mtu akae, goti likunjwe kama pembe ya kiti, hiyo inalegeza msuli wa nyuma. Soksi ndefu kavu isiyo na mikunjo. Kisigino kisukumwe nyuma kabisa mpaka kiguse plastiki, funga mkanda wa juu ya kifundo kwanza ndio kikae, halafu wa juu. Ukiona kisigino kimeelea hata kidogo, vua uanze upya, maana ukifunga hivyo bresi yote inakaa vibaya. Kiatu kiwe cha kufungwa, chenye kisigino cha kufunika, toa soli ya ndani upate nafasi, na kile cha mguu mzima, yaani ule usio dhaifu, kiwe na kimo kile kile. Ukibadilisha kiatu ukavaa chenye kisigino kirefu zaidi unabadilisha na mwinamo wa muundi, goti utaliona linakunjika, kifupi zaidi nalo linarudi nyuma. Bresi bila kiatu juu ya sakafu laini ni kuteleza, naomba msijaribu.

Siku za mwanzo avae saa moja hivi, vua, angalia ngozi kwenye vifundo, kisigino, ukingo wa nje wa wayo. Wekundu ni kawaida ila uwe umeisha ndani ya dakika 20 au 30. Ukibaki, au kuna lengelenge, usivalishe tena, rudisha kwa fundi apanue hapo mahali, plastiki inapashwa moto inarekebishika. Kwa mwenye kisukari au mguu usiohisi vizuri angalia kwa macho kila akivua, usimuulize kama inauma, anaweza akasema haiumi na kidonda kipo.

Wengi mnaniuliza je bresi si itafanya msuli uwe mvivu. Naelewa hofu hiyo, ila mtu anayetembea hatua nyingi na bresi anafanyisha paja na nyonga kazi kuliko aliyekaa kitini anasubiri wayo upate nguvu. Muda wa kuvua upo, akiwa amekaa ajaribu kuinua vidole na wayo, hata kikitikisika kidogo tu, na kulinyoosha shavu la mguu.

Zoezi ninalolipa uzito nyumbani wala sio kutembea koridoni huku na huku. Asimame mbele ya meza nzito au sinki, kiti imara nyuma yake, mkono mzima umeshika, bresi na kiatu vimevaliwa, halafu mguu MZIMA ndio upige hatua mbele na kurudi, polepole. Wengi wanafanya kinyume, wanazoeza mguu dhaifu kurushwa mbele, wakati shida kubwa ni kusimama juu yake. Mguu mzima ukiwa hewani uzito wote uko kwenye dhaifu, na hapo unaangalia goti, likirushwa nyuma fupisha hatua, likitetemeka pumzika. Mara 8 mpaka 10, akae, arudie. Ukiona hatua ya mguu mzima inakuwa fupi na ya haraka haraka, kama anaukimbia mguu dhaifu, ameshachoka, zoezi liishie hapo.

Anayemsaidia asimame upande dhaifu, nyuma kidogo, ashike mkanda imara uliofungwa kiunoni. Jamani msimvute mkono dhaifu! Bega la mkono huo halina misuli yenye nguvu ya kulishika, ukimdaka kwa mkono anapoyumba unaweza ukalitoa mahali pake na maumivu yake ni ya miezi. Fimbo inakaa mkono mzima, kimo chake kifike kwenye kifundo cha mkono akiwa amesimama mkono umening'inia. Fimbo, mguu dhaifu, mguu mzima, ndio mpangilio. Ngazi anapanda na mzima kwanza, anashuka na dhaifu kwanza.

Na kudondoka kwenyewe nyumbani mara nyingi kunatokea wakati wa kugeuka, au kukaa kitini kabla hajafika vizuri, au usiku anakimbilia choo bila bresi. Ageuke kwa hatua ndogo ndogo akizunguka, asijizungushe juu ya mguu dhaifu. Zulia dogo toa, sakafu yenye maji subiri ikauke, taa ya usiku iwake, na kama kuvaa bresi usiku ni kazi kubwa muweke chombo cha haja karibu na kitanda.

Acheni mazoezi mkiona shavu la mguu limevimba, lina joto na linauma upande mmoja, hiyo inaweza kuwa damu imeganda, msilikande, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Na uso ukipinda upya, maneno yakikwama au udhaifu ukiongezeka ghafla ni dharura, hata kama ni dakika tu halafu yakapoa.

Kuhusu kurudi kwa fundi, msisubiri bresi ivunjike. Mguu ukivimba au ukikonda, msuli ukianza kukaza zaidi, au wayo ukianza kujiinua wenyewe, ile bresi ya mwanzo inakuwa sio yake tena, na yule mama plastiki yake baadaye ilipunguzwa kingo ikunjike kidogo kwa sababu goti lilikuwa limeshajifunza kutulia. Kama mnaweza kupiga vidio ya mgonjwa wenu akitembea, mrekodini kwa upande, kuanzia nyonga mpaka chini, mkampe fizio wenu aangalie goti likipokea uzito.